Chai ya zambarau ya Sotik inavyopima asidi ya jikoni, na mahali inapokudanganya

Wewe hapo, kama umewahi kukamua limau kwenye kikombe cha strungi na kuona chai ikipauka kutoka wekundu wa kutu hadi rangi ya asali, basi tayari umefanya jaribio la kemia bila kujua. Limau ni asidi, na rangi ya chai ilijibu. Ukitia chembe za magadi kwenye kikombe kingine, mambo yanageuka: chai inakuwa nyeusi kama imechemka asubuhi kutwa.

Hiyo ndiyo maana ya kiashiria. Ni kitu chenye rangi inayobadilika kulingana na asidi au besi iliyo kando yake. Shuleni wanakupa litimasi kwenye kikaratasi. Sokoni utaambiwa kabeji nyekundu, na kusema ukweli kabeji ni kali kwa kazi hii. Shida ni kwamba kila mwanafunzi anayeenda Kongamano la Sayansi anabeba kabeji. Ukiwa Sotik, Kaplong, Litein au popote kwenye ukanda wa chai wa Kericho na Bomet, uko na kitu ambacho mwenzako wa Umoja au Mtopanga hana: majani ya chai ya zambarau, yanayokua shambani kwa jirani.

Nitakuonyesha jinsi ya kuyatumia. Pia nitakuonyesha yanapokataa kufanya kazi, kwa sababu hapo ndipo mradi wenyewe unapoanza kunoga.

Kwa nini chai nyeusi haina zambarau

Aina hii ya chai inaitwa TRFK 306. Watafiti wa chai walioko Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka wa 2011 baada ya kuihangaikia kwa zaidi ya miongo miwili. Ukiiona hutaisahau: machipukizi yake machanga yana rangi ya damu ya mzee iliyochanganyika na kijani, halafu jani likizeeka linarudi kijani kama ndugu zake. Wapo wakulima walioipanda wakitarajia bei ya juu, kisha wakajikuta wanaipeleka kwenye kituo kilekile na kuimwaga kwenye gunia moja na ya kijani, kwa sababu kiwanda cha kuisindika peke yake hakikuwa karibu. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine, lakini shika hilo neno gunia moja. Lina uhusiano na kemia.

Rangi ya zambarau inatokana na kemikali zinazoitwa anthosianini. Ni zilezile zilizo ndani ya kabeji nyekundu, zabibu nyeusi na ua la hibiskasi. Anthosianini ikikutana na asidi, inadaka ioni ya hidrojeni, umbo lake linabadilika na rangi inakuwa nyekundu au waridi. Asidi ikipungua, inaiachilia ile ioni na kugeuka zambarau. Ukiingia upande wa besi, inakuwa buluu, halafu kijani. Besi ikiwa kali sana molekuli yenyewe inavunjika na kubaki manjano, na hapo hairudi tena hata ukimwagia limau debe zima.

Sasa swali ambalo mwalimu atakuuliza: kama majani yana anthosianini, mbona strungi ya dukani haigeuki waridi ukitia limau?

Jibu liko kiwandani. Chai nyeusi hutengenezwa kwa kuyakata na kuyapasua majani makusudi, ili utomvu wake ukutane na hewa. Ndani ya jani kuna kimeng'enya, polifenoli oksidesi, ambacho kabla ya hapo kilikuwa kimetengwa chumba chake. Jani likipasuka, kimeng'enya kinatoka, kinashika polifenoli na oksijeni, na kwa muda wa saa moja hivi jani linakuwa la rangi ya shaba. Hapo ndipo chai inapopata wekundu wake na ule ukali unaoujua. Lakini anthosianini nyingi huzolewa na mchakato huohuo. Kwa hiyo hata jani la zambarau likipitishwa kwenye mashine za chai nyeusi, linatoka upande wa pili likiwa kahawia kama mengine.

Wekundu uliobaki kwenye strungi nao hujibu asidi, ndiyo maana inapauka. Ila unachopata ni kupauka na kukolea tu, rangi ni ileile. Ni kama taa unayoweza kuipunguza mwanga lakini huwezi kuibadilisha rangi.

Jaribio la kwanza: ua kimeng'enya kabla hakijaua rangi

Omba jirani mwenye shamba machipukizi ya zambarau, konzi mbili zinatosha. Omba, bana. Usichume usiku kwenye shamba la kampuni ukaja kusema nilikutuma. Chukua majani mawili na chipukizi, kama wachumaji wanavyofanya, kwa sababu rangi iko kwenye uchanga.

Konzi ya kwanza iweke kwenye chujio juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ufunike, iivishwe na mvuke kwa dakika mbili. Joto linaua kimeng'enya. Konzi ya pili itwange kwenye kinu hadi ilowe, itandaze kwenye sahani na uiache saa mbili. Hii ya pili utaiona ikigeuka kahawia mbele yako, na itaanza kunukia kama kiwanda cha chai siku ambayo upepo unavuma kuelekea barabarani.

Sasa katakata ile ya mvuke. Kila moja iweke kwenye kikombe chake, mimina maji moto robo lita ambayo yameacha kuchemka kama dakika tatu, subiri dakika kumi, kisha chuja kwa kitambaa safi. Tumia bakuli la glasi, la udongo au la chuma kisichoshika kutu. Hili si pambo. Polifenoli za chai zikikutana na chuma chenye kutu hutengeneza rangi ya samawati-nyeusi, karibu wino kabisa, na anthosianini nayo huvutwa kuelekea buluu na madini ya alumini. Ukiona maji yako yamekuwa meusi kabla hujatia chochote, usilaumu chai. Angalia sufuria, au maji yaliyotoka kwenye bati lenye kutu. Ukitaka kuhakikisha, dondosha msumari wenye kutu kwenye kijiko cha chai hiyo na usubiri nusu saa.

Kuna kitu kitakachokuvunja moyo hapa, kwa hiyo nikuambie mapema. Maji ya yale majani ya mvuke hayatoki zambarau ya kupendeza. Yanatoka hafifu, kijivu chenye uzambarau wa mbali, kana kwamba mtu alisuuza kalamu ndani yake. Wengi huyamwaga hapo. Usiyamwage. Maji ya majani haya yana asidi kidogo tu, na kwenye asidi kidogo sehemu kubwa ya anthosianini hukaa katika umbo lisilo na rangi. Ipo, imejificha. Tia matone matano ya limau uone waridi ikipanda kutoka chini ya kikombe.

Fanya hivyohivyo na ile iliyotwangwa. Itapauka, basi. Hapo una vikombe viwili vya jani moja, shamba moja, siku moja, na tofauti ni kwamba moja lilipata dakika mbili za mvuke na jingine lilitwangwa na kuachwa hewani. Hilo ni jaribio linalosimama lenyewe, na hulipati kwenye kitabu cha Kidato cha Kwanza.

Usisahau kikombe cha tatu. Kwenye hicho, badala ya limau, tia maji matupu kwa kipimo kilekile. Mtu akikwambia chai ilipauka kwa sababu uliizimua tu, unamwonyesha kikombe hicho na anakaa kimya.

Kutengeneza ngazi ya rangi bila mashine

Kiashiria peke yake kinasema hiki ni asidi, kile ni besi. Ukitaka kusema kipi kimezidi kipi, unahitaji ngazi, yaani vikombe ambavyo pH yake unaijua tayari, ili ulinganishe navyo. pH inahesabiwa toka 0 hadi 14: chini ya 7 ni asidi, juu ni besi, na kila hatua moja ni mara kumi ya ile inayofuata.

Jikoni kwenu kuna vituo vya kutosha. Limau liko karibu na 2. Siki nyeupe inakaribia 3. Mursik au maziwa lala yaliyoganda vizuri yako karibu na 4. Maziwa mabichi ni 6.7 hivi. Magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa ni kama 8.3, na hayo ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu utie nusu kijiko au kijiko kizima kwenye kikombe, namba haisogei sana. Angalia pakiti lakini. Poda ya kuumulia keki siyo hiyo, hiyo imechanganywa na asidi kavu makusudi na itakuharibia ngazi. Povu la sabuni ya kipande linaanguka karibu na 10, na magadi ya jiwe yale ya kulainisha mboga yako hapohapo karibu.

Weka vijiko viwili vya kila kimoja kwenye vikombe vyeupe, vyote sawa, kwenye mwanga wa dirisha na siyo chini ya balbu ya manjano. Tia kijiko kimoja cha kiashiria. Piga picha zote kwa pamoja kwenye fremu moja. Ukizipiga mojamoja, simu itarekebisha rangi kila mara kivyake na ngazi yako itakuwa uongo mtupu.

Hapa sasa ndipo jani letu la Sotik linaonyesha udhaifu wake. Upande wa asidi linafanya vizuri: waridi iliyoiva kwenye limau, hafifu zaidi kwenye siki, kisha inafifia kuelekea kijivu. Upande wa besi, kwa sekunde chache utaona ukijani. Geuka uchukue simu, ukirudi ni kahawia. Baada ya dakika kumi ni kahawia nzito kama strungi ya jana.

Siyo kwamba umekosea kipimo. Chai ina polifenoli nyingine nyingi kuliko anthosianini, na kwenye besi hizo huungua na hewa haraka sana, hata bila kimeng'enya. Yaani kile kiwanda kinachofanya kwa mashine, magadi yanakifanya kikombeni. Unaweza kulithibitisha hili: jaza kichupa hadi pomoni kwa mchanganyiko wa chai na magadi, ukifunge bila nafasi ya hewa, na uweke mwingine kwenye sahani pana. Ule wa sahani utatangulia kuwa kahawia.

Kabeji nyekundu haina tatizo hilo kwa kiwango hicho. Robo ya kabeji, ikatwe nyembamba, imwagiwe maji moto nusu lita, dakika kumi na tano, chuja. Itakupa wekundu kwenye limau, waridi-zambarau kwenye maziwa lala, buluu kwenye magadi ya kuokea, kijani kwenye sabuni na magadi ya jiwe. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chai ya zambarau kwa asidi, kabeji kwa besi, na uandike waziwazi kwenye ubao wako kwa nini umetumia mbili. Hata ukiwa Nairobi bila jani la zambarau, kabeji na strungi zinatosha kulinganisha.

Na maua? Hibiskasi nyekundu ni safi, inafuata njia ileile ya anthosianini. Ile bogenvilia inayopanda kwenye ua la kila shule nchini, achana nayo. Inavutia macho lakini rangi yake ni ya ukoo mwingine, betalaini, sawa na ya bitruti. Kutoka siki hadi maziwa haisogei, hadi ukutane na besi kali ndipo inageuka manjano. Watu wengi huamua hawajui kemia kumbe walichuma ua lisilofaa.

Onyo mbili kabla hatujaendelea. Ya kwanza, vikaratasi. Ukichovya karatasi ya kuchapishia kwenye kabeji ili utengeneze litimasi yako, itakauka ikiwa ya buluu hata kama hujaigusisha chochote, kwa sababu karatasi nyingi za aina hiyo huwekwa chokaa kiwandani. Tafuta karatasi ya kuchujia ya maabara au ya kahawa.

Ya pili ni Jik, na hii siyo mchezo. Jik ni besi, lakini kiashiria hakitakuambia hivyo. Utaona kijani au manjano kwa kufumba na kufumbua, halafu rangi yote inatoweka, maji yanakuwa meupe. Hapo Jik haijapimwa, imeua tu kiashiria, kama inavyoua doa kwenye shati. Wala usijaribu kurudisha rangi kwa kutia limau au siki. Jik na asidi zikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo inachoma mapafu. Vivyo hivyo dawa za kusafishia choo. Ziache zilipo.

Maziwa ya shangazi

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo iligoma, lakini kemia haijawahi kuniacha. Kwa hiyo binamu yangu wa Kidato cha Pili kule Sotik aliponipigia akisema anataka mradi ambao una maana nyumbani, nilimuuliza nyumbani kuna shida gani. Akasema maziwa.

Eneo hilo ni la chai, lakini pia ni la ng'ombe. KCC wana kiwanda Sotik mjini. Shangazi anapeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, na mwezi huo alikuwa amerudishiwa mara mbili. Karani anachota kidogo, anachanganya na alkoholi kwa kipimo sawa, anatikisa. Yakiganda vipunjepunje kwenye ukuta wa kikombe, maziwa yanarudi nyumbani. Lita kumi na mbili zikirudi, hiyo siku ni ya mursik kwa lazima.

Wazo la binamu lilikuwa zuri: kama kabeji inaona asidi, si mama apime nyumbani kabla ya kulipa nauli ya bodaboda? Nikamwambia asiamini wala asikatae, apime.

Alitumia kabeji na siyo chai, kwa sababu polifenoli za chai hushikana na protini za maziwa na kuchafua rangi. Maziwa kumbe ni ukuta mzuri mweupe wa kusomea. Vijiko vitatu vya maziwa, kijiko kimoja cha kabeji, na maziwa mabichi yanatoa rangi ya lavenda iliyoegemea buluu. Maziwa lala yanatoa waridi ya ubani. Mursik wenyewe ulimshinda kuusoma, maana mkaa wa senetwet unaosuguliwa kwenye kibuyu unaupa ukijivu. Aliuacha utulie, akachukua yale majimaji yaliyojitenga juu, akayachuja. Hapo waridi ikaonekana.

Kisha akaweka mtungi wa maziwa ya saa kumi na mbili asubuhi mezani, bila friji, akapima kila baada ya saa nne. Mwalimu wake alimtengenezea kichupa cha ethanoli ya asilimia 70 ili afanye pia kipimo cha karani. Saa kumi na mbili jioni, maziwa yaliganda kwenye ethanoli. Karani angeyarudisha. Na kikombe cha kabeji? Lavenda ileile. Binamu alikiweka kando ya picha ya asubuhi, akamwita mama yake na dada yake, hakuna aliyeona tofauti. Waridi ilijitokeza kesho yake asubuhi, wakati hata pua ilikuwa inajua.

Sababu yake inafaa uielewe vizuri. Maziwa mazima yako karibu na pH 6.7. Yakishuka hadi kama 6.4, protini zake tayari zimelegea na alkoholi inazigandisha. Hiyo ni hatua ya 0.3 tu. Kwa hesabu ya pH, ioni za hidrojeni zimeongezeka maradufu, ambalo ni jambo kubwa kwa protini. Lakini ngazi ya kabeji ina hatua pana. Jicho lako linatofautisha 4 na 7 vizuri, si 6.4 na 6.7. Ni kama kupima unene wa unywele kwa rula ya fundi seremala.

Alinipigia akiwa amenuna. Ati mradi umekufa. Nikamwambia haujafa, umejibu swali: kabeji haiwezi kuchukua nafasi ya alkoholi ya karani, na sasa una meza ya saa na rangi inayoonyesha hivyo. Andika.

Ila nilimpa swali la pili. Kabeji haiwezi kukuambia kama maziwa haya yatakubaliwa. Je, inaweza kukuambia kati ya mitungi miwili ni upi unaochacha haraka? Hapo huhitaji 0.3. Unahitaji tu kujua waridi ilitokea wapi kwanza.

Akagawa maziwa ya asubuhi moja mara mbili. Nusu kwenye mkebe wa alumini uliosuuzwa kwa maji yanayochemka. Nusu kwenye mtungi wa plastiki wa shangazi, ule wa mafuta ya kupikia wa zamani, wenye shingo nyembamba ambayo mkono hauingii, uliooshwa vilevile unavyooshwa kila siku, kwa maji baridi na sabuni na kokoto za kutikisa. Vyote viwili kivulini, pahali pamoja. Safari hii alipima kila baada ya saa mbili, hadi usiku, tochi ya simu ikiwa nyeupe na vikombe vyote ndani ya picha moja.

Ya plastiki ilianza kuvuta waridi saa mbili usiku. Ya alumini ilikuwa bado lavenda saa nne alipolazimishwa kwenda kulala, na ilimsubiri hadi asubuhi. Alirudia siku mbili zaidi, kwa sababu siku moja si ushahidi, na mara zote plastiki ilitangulia, ingawa siku ya baridi pengo lilipungua. Pia alibadilisha: mara ya tatu alisuuza ule mtungi wa plastiki kwa maji moto kabla. Ukachelewa kuliko mwanzo, lakini haukuufikia mkebe. Kwenye mikwaruzo ya ndani ya plastiki bakteria hujificha, na maji moto hayafiki kila pembe.

Matokeo haya hayakuhitaji jedwali kwa shangazi. Alitazama vikombe viwili kwenye simu, lavenda na waridi, akauliza ni maziwa ya siku moja kweli? Akaambiwa ndiyo. Akauchukua ule mtungi wa plastiki jikoni, akautoa nje na kuuweka kando ya tangi.

"Huu sasa," akasema, "ni wa kuchotea ng'ombe maji."